Logibuku ya fundi wa ndege Uganda: namna ya kuijaza mpaka ikupe leseni na taipu ya Caravan

Mwaka huu nimeletewa logibuku tano nizipitie kabla wenyewe hawajazipeleka Entebbe kuombea leseni. Nne zilikuwa na kasoro ileile. Mwenye kitabu amefanya kazi kweli, ukimsalimia mkono unajua, lakini kitabu chake hakisemi alichofanya. Kimejaa "ukaguzi wa saa 100", "nimebadilisha tairi", "nimesaidia injini", na saini moja chini ya ukurasa mzima.

Anayepitia maombi hakuwepo hangani siku ile. Anachokijua juu yako ni kile tu ulichoandika, na anakilinganisha na rekodi za ndege yenyewe. Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka leseni ya mhandisi wa matengenezo ya ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, kisha taipu ya Cessna 208 Caravan, yaani ruhusa ya kusaini ndege ya aina hiyo. Nimeichagua Caravan kwa sababu ndiyo ndege ambayo vijana wengi wa Kajjansi huanza nayo. Wa ndege kubwa watapata hatua zilezile, ila karatasi zao ni nyingi zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Chukua toleo jipya la kanuni za leseni na fomu ya maombi moja kwa moja kutoka kwa Mamlaka. Usitegemee nakala ya rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita, kwa sababu fomu hubadilika na idadi ya miezi inayotakiwa kwa kila aina ya ndege inasomwa humo.

Kuwa na logibuku yenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa na kupewa namba. Daftari la kuchomoa kurasa halifai, maana ukurasa ukitoka hakuna wa kuthibitisha kilichokuwamo.

Weka tayari vyeti vya masomo na vya kozi, iwe ni ya Soroti, Nairobi, Addis Ababa au kwingineko, pamoja na barua za waajiri zenye tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Ongeza kalamu ya wino usiofutika.

Cha mwisho ndicho ambacho wengi hawakifikirii: ruhusa ya maandishi ya karakana kukuwezesha kunakili kadi za kazi ulizofanyia kazi. Kadi ni mali ya karakana. Ukizipiga picha kwa siri unaweza kufukuzwa, na ukifukuzwa hujui kama utaziona tena.

## Hatua ya 1: Jua herufi unayoiomba

Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wakiingia huku macho yao yako wazi. Kwenye mahanga ya Afrika Mashariki kuna lugha mbili za herufi, na herufi hizohizo hazina maana moja.

Lugha ya kwanza ni ile ya zamani iliyotoka Uingereza. A ni bodi ya ndege: mbawa, mkia, usukani, miguu, breki, kabini. C ni injini. X ni umeme, vipimo na otopailoti. R ni redio. Ukimsikia mzee hangani akisema "mimi ni A na C", ujue anashughulikia bodi na injini.

Lugha ya pili ni ya Ulaya, na siku hizi imejaa kwenye matangazo ya kazi. Humo A ni fundi wa kazi ndogondogo za kwenye maegesho, anayesaini kazi alizofanya yeye mwenyewe tu. B1 ni bodi, injini na umeme wa kawaida. B2 ni avioniki. C ni anayeirudisha ndege kazini baada ya matengenezo makubwa ya karakana, na si lazima awe ameshika spana mwenyewe.

Kwa hiyo C ya mzee wako ni injini, na C ya tangazo la kazi ni mtu mwingine kabisa. Nimewahi kuona barua ya maombi ambamo mwenyewe alijiita "fundi wa C" akimaanisha injini, akaitwa kwenye mahojiano ya cheo ambacho hakuwa na sifa zake hata moja. Andika neno kamili kando ya herufi kila mara.

Kuna jambo la pili ndani ya hatua hii. B1 ya Ulaya imegawanywa: ndege ya mbawa yenye injini ya tabaini ni B1.1, na yenye injini ya pistoni ni B1.2. Mgawanyo huo unafuata ukweli wa kazi. Miezi uliyotumia kwenye Cessna 172 za shule ya urubani ni ujuzi halali, lakini haikufundishi tabaini. Caravan inatumia PT6A, ambayo ni tabaini inayozungusha propela. Magneto na silinda ulizozizoea hazimo.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila herufi hata moja, ni sehemu gani za ndege gani unataka kuruhusiwa kusaini.

## Hatua ya 2: Hesabu muda wako kwa ukweli

Kiwango cha kimataifa kimo kwenye Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Umri usipungue miaka 18. Kwa leseni inayohusu ndege nzima unatakiwa kuwa na uzoefu wa miaka 4 katika ukaguzi, huduma na matengenezo ya ndege. Ukiwa umemaliza kozi iliyoidhinishwa, muda huo unashuka hadi miaka 2. Leseni yenye mipaka ina hesabu yake, na kanuni za nchi ndizo zinazotamka maelezo yote.

Angalia neno "iliyoidhinishwa". Chuo kinaweza kuwa kizuri sana na kozi yako isiwe kwenye orodha inayotambuliwa na Mamlaka inayokupa leseni. Uliza kwa barua kabla hujajihesabia miaka 2. Kenya, Uganda na Tanzania zinaoanisha kanuni zao kupitia wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Hata hivyo leseni hutolewa na nchi moja moja.

Usihesabu muda ambao ulikuwa kwenye ajira lakini hukugusa ndege. Miezi minne ya stoo ukitoa na kupokea vipuri ni miezi minne ya stoo. Ukiichanganya humo na ikagundulika, hata miezi yako halali itaanza kuulizwa maswali.

Chora jedwali dogo lenye safu nne: kuanzia lini, hadi lini, karakana gani, ndege na injini gani. Muda usio na ndege uache wazi hivyohivyo.

## Hatua ya 3: Andika mstari unaoweza kuthibitishwa

Hapa ndipo logibuku zile nne zilipokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kazi moja ya kawaida ya Caravan: kubadilisha nozeli za mafuta. PT6A ina nozeli 14 zilizozunguka chemba ya kuchomea. Kila moja inatakiwa kunyunyiza mafuta kama ukungu ulio sawa pande zote. Ikiziba kwa masizi inatema mkondo badala ya ukungu, mkondo unaungua mahali pamoja, na mahali hapo chuma cha chemba na cha tabaini kinapata joto kupita kiasi. Rubani anaweza asione chochote, kwa sababu kipimo cha joto kinampa wastani. Ndiyo maana nozeli huondolewa na kusafishwa kwa ratiba, bila kusubiri injini ilalamike.

Siku ya kazi, wewe na mwenye leseni mnaondoa mabomba, mnaziba midomo yote iliyobaki wazi, mnatoa nozeli na kuzipanga kwa namba za nafasi zake. Kabla ya kurudisha nyingine, mwenye leseni anapitisha kamera nyembamba kwenye matundu yaleyale na kuangalia ndani ya chemba. Kisha mnafunga kwa gasketi mpya, mnakaza kwa spana ya kipimo kwa kiwango cha kitabu, mnaweka vibati vya kuzuia kulegea. Injini inawashwa na mnakagua kila ungio kama kuna unyevu wa mafuta.

Sasa tazama namna mbili za kuandika kazi hiyohiyo. Ya kwanza niliiona kwenye logibuku mojawapo:

> Machi. Caravan. Nimebadilisha nozeli. Saini.

Ya pili ndiyo tuliyoiandika upya kwa kazi iliyofuata:

> Tarehe kamili. Usajili wa ndege 5X-… Cessna 208B, injini PT6A-114A, namba ya injini. Kadi ya kazi namba … Sura ya 73. Nozeli 14 zimetolewa na zilizosafishwa na kupimwa zimefungwa, gasketi mpya, kwa kufuata mwongozo wa matengenezo wa mtengeneza injini, toleo la … Nilichofanya mwenyewe: kutoa, kufunga na kukaza nafasi zote, kukagua uvujaji baada ya kuwasha. Nilichoona tu: uchunguzi wa chemba kwa kamera. Msimamizi: jina, namba ya leseni, saini, tarehe.

Tofauti yake haiko kwenye urefu. Mstari wa pili una vitu vitatu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvifuata: usajili wa ndege, namba ya kadi na namba ya leseni ya msimamizi. Akifungua rekodi za ndege hiyo tarehe hiyo ataikuta kazi ileile, na jina la mtu yuleyule ndilo lililosaini kurudisha ndege kazini.

Sura ya 73 inatoka kwenye mpangilio wa ATA, ambao watengenezaji wa ndege hutumia kupanga vitabu vyao. Zijue angalau zile utakazokutana nazo kila wiki:

- 12 ni huduma za kawaida, kama kujaza oili na upepo wa matairi
- 24 ni umeme
- 27 ni usukani wa ndege
- 32 ni miguu, magurudumu na breki
- 61 ni propela
- 72 ni injini yenyewe, na 73 ni mafuta na vidhibiti vyake

Kuandika namba ya sura kwenye kila mstari kutakuokoa ukifika hatua ya 5.

Maneno ya kitendo yatenganishe bila aibu. *Nimeona* ni moja, *nimesaidia* ni jingine, *nimefanya chini ya usimamizi* ni jingine. Neno *nimekagua* lina uzito wa pekee. Kwenye usukani, kebo au fimbo ikifunguliwa na kurudishwa, watu wawili wenye sifa hukagua kila mmoja kwa wakati wake kabla ndege haijaondoka. Fundi asiye na leseni akiandika kwamba alifanya ukaguzi wa pili, amejishitaki mwenyewe na amemshitaki msimamizi wake. Andika "nilimshikia taa mkaguzi wa pili na kuona mwendo kamili wa usukani", kama ndivyo ilivyokuwa. Ni ujuzi, na una thamani yake.

Onyo: usiandike mwisho wa mwezi kwa kumbukumbu. Andika siku hiyohiyo kabla hujavua ovaroli. Anayepitia anatambua kurasa tatu zilizojazwa kwa kikao kimoja: wino uleule, mwandiko uleule, mkono uliochoka kuelekea chini. Kitakachomshtua zaidi ni tarehe uliyoandika kuwa mlifanya kazi Kajjansi wakati kitabu cha ndege kinaonyesha ilikuwa imelala Kidepo.

*Utajua umefanikiwa* ukimpa mwenzako logibuku na funguo za kabati la rekodi, naye akaupata ushahidi wa mstari wowote atakaouchagua bila kukuuliza.

## Hatua ya 4: Pata saini inayostahili, na uipate mapema

Saini inatoka kwa mtu aliyesimamia kazi, aliye na leseni hai, yenye aina ya ndege hiyo, siku ile ya kazi. Mkuu wa karakana asiyekuwepo hafai, hata kama cheo chake ni kikubwa. Mwenye leseni ya redio hawezi kuthibitisha nozeli zako.

Karakana niliyoanzia ilikuwa na mhandisi mmoja wa Caravan. Nilikuwa namheshimu mno kumsumbua kila jioni, nikawa naweka mistari ya miezi saba nikisubiri apate nafasi. Siku moja mkataba wake ukaisha, akaondoka nchini. Kampuni ilinipa barua ya kuthibitisha ajira, lakini barua ya ajira haisemi nani aliona mikono yangu ikifunga gavana ya propela. Miezi ile saba nililazimika kuifanya upya kwenye karakana nyingine. Ilinichukua muda mrefu kuikubali, na bado inaniuma.

Kwa hiyo mwombe kila Ijumaa, na umwombe kwa adabu: "Mzee, nina mistari sita ya wiki hii, naomba uipitie ukipata dakika kumi." Mpelekee logibuku ikiwa na kadi za kazi zimewekwa kwenye ukurasa husika, asilazimike kuzitafuta. Akikataa mstari mmoja, muulize kwa nini na uukate kwa wino mara moja tu, maneno yabaki yakisomeka, kisha atie saini pembeni. Wino mweupe usiuguse kamwe.

Nakili namba ya leseni yake na tarehe ya mwisho wake ukurasa wa kwanza, kwa wasimamizi wako wote. Leseni yake ikiisha kwa wiki mbili na wewe ukaendelea kukusanya saini, wiki hizo mbili ni zako za kulipa.

## Hatua ya 5: Pima uwiano kabla hujaomba

Muda ukitimia, usikimbilie fomu. Funga mlango, chukua logibuku na karatasi, hesabu mistari yako kwa sura.

Nikupe mfano wa kijana mmoja tuliyekaa naye meza moja. Alikuwa na kozi iliyoidhinishwa na miezi 27 ya kazi, kwa hiyo miaka 2 alikuwa ameshaivuka. Tulipotenganisha, miezi 11 ilikuwa ya Cessna za pistoni na 16 ya Caravan. Muda wa leseni ulikuwa umetimia. Swali lilikuwa taipu, ambayo inatazama Caravan peke yake.

Tukahesabu mistari ya Caravan. Zaidi ya nusu ilikuwa sura ya 12 na 32: oili, matairi, breki. Ndicho kinachompata kijana kwenye hanga lenye kazi nyingi; akijulikana kuwa na mkono mwepesi wa breki, anapewa breki mpaka azeeke nazo. Sura ya 61 ilikuwa na mistari miwili, 73 mmoja, na 27 haikuwa na hata mmoja. Yaani angeomba ruhusa ya kusaini ndege ambayo hajawahi kushika usukani wake.

Mamlaka za Ulaya zina kipimo kizuri hapa hata kama si wao unaowaomba. Kwa mazoezi ya kazini ya taipu, fundi anatakiwa akamilishe angalau nusu ya kazi zilizo kwenye orodha yao ya kawaida. Mimi naichukua kama mizani ya kujipima: sura ambayo hujafikia nusu ya kazi zake kuu, bado huijui.

Hatukumwambia asubiri bahati. Tulimwandikia mkuu wa karakana orodha ya kazi tano zilizokuwa zikikaribia kwa ratiba: kukaza na kupanga kebo za usukani wa mkia, kubadilisha fimbo ya flapu, kulainisha kwa tupa na kisha kung'arisha kingo za propela zilizopigwa na kokoto za viwanja vya murram, kubadilisha stata-jenereta, na nozeli. Tuliomba apangwe kwenye hizo, na breki apewe mdogo wake. Mkuu alikubali siku ileile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kumweleza pengo liko wapi. Miezi mitano baadaye kitabu kilikuwa na sura ambazo hazikuwamo, na kila moja ilikuwa na kadi yake.

Onyo: usijaze pengo kwa kurudia kazi moja mara ishirini. Mara ya kwanza hadi ya nne hukufundisha kitu. Baada ya hapo mistari inaonyesha mazoea, haionyeshi upana.

*Utajua umefanikiwa* ikiwa kila sura kuu ina kazi za aina tofauti: kutoa na kufunga, kurekebisha, kutafuta hitilafu, na kujaribu baada ya kufunga. Kutafuta hitilafu ndiko hupungua zaidi. Injini inachelewa kushika moto: mlianza kuangalia nini, mkakiondoa vipi kwenye orodha, mkakuta nini? Mstari mmoja wa namna hiyo unamwonyesha mkaguzi kichwa chako kinavyofanya kazi.

## Hatua ya 6: Omba leseni, kisha taipu

Mitihani ya maarifa inahusu sheria za anga, sayansi ya msingi, ujenzi wa ndege, matengenezo, na mwenendo wa binadamu kazini. Wengi hufeli sheria kwa kuiona ni porojo. Isome kama unavyosoma mfumo wa mafuta.

Leseni peke yake, bila aina ya ndege juu yake, inathibitisha kwamba una msingi. Taipu ndiyo inayosema *ndege hii*. Soma maneno yake herufi kwa herufi, kwa sababu injini ni sehemu ya jina. Kwenye mfumo wa Ulaya, kwa mfano, huandikwa hivi:

```
Cessna 208 Series (PWC PT6)
```

Kuna Caravan zilizobadilishwa na kuwekewa injini ya TPE331 ya Honeywell. Kwa nje ni ndege uliyoizoea, na kwa A ya zamani bodi ni ileile kwa sehemu kubwa. Lakini TPE331 ina shafti moja iliyoungana na giaboksi ya propela, wakati PT6A ina tabaini ya nguvu isiyoungana na ile ya kompresa. Kuiwasha, kuipima na kuitafutia hitilafu ni kazi nyingine. Taipu ya PT6 haikupi ruhusa ya kuisaini.

Vivyo hivyo kwa avioniki. Caravan zinazotoka kiwandani tangu 2008 zina skrini za Garmin G1000. Mhandisi wa bodi na injini anaweza kuwa ameiona skrini hiyo kila asubuhi kwa miaka mitano, lakini hitilafu ya otopailoti ndani yake inamsubiri mwenye X au B2. Hapo ndipo wema wa kusaidia unapowaponza watu: rubani ana abiria, mwenye avioniki yuko Entebbe kwenye foleni, na wewe umeshaona tatizo ni plagi iliyolegea. Ikaze akiwepo wa kuisaini. Asipokuwepo, ndege isubiri.

Kwenye bahasha weka fomu, logibuku, nakala za kadi zilizopigwa muhuri wa karakana, vyeti, na lile jedwali la hatua ya 2. Ambatisha pia ukurasa mmoja unaoonyesha mistari yako kwa sura. Hautakiwi na mtu, lakini unamwokolea mkaguzi saa mbili na unamwonyesha kwamba umejipima.

## Hatua ya 7: Usisaini siku leseni inapofika

Leseni imekuja, taipu imo. Asubuhi yake ndege iko nje, na mkuu anasema, "Sasa si una leseni? Tusainie hii."

Ngoja. Karakana iliyoidhinishwa hufanya kazi kwa idhini yake yenyewe, na ndani yake wewe unasaini kwa ruhusa ya maandishi ambayo karakana imekupa: ndege zipi, kazi zipi, hadi lini, muhuri namba ngapi. Leseni inaiwezesha karakana kukupa ruhusa hiyo. Haichukui nafasi yake.

Kabla hujaweka saini ya kwanza ya kurudisha ndege kazini, pitia maswali haya kwa mkono wako mwenyewe. Je, ndege na injini hii imo kwenye leseni yangu? Imo kwenye ruhusa ya karakana? Mwongozo tuliotumia ni toleo la sasa? Vipuri vina hati zake za kuachiwa? Vifaa vya kupimia vimo ndani ya tarehe ya ukaguzi? Kadi zote zimefungwa, na pale usukani ulipofunguliwa kuna saini mbili?

Nimeona spana ya kipimo iliyopitwa na tarehe kwa siku kumi na moja ikirudisha nyuma kazi ya siku nzima. Mhandisi kijana ndiye aliyeiona, akiwa na leseni ya wiki tatu. Mafundi walinung'unika, nozeli zikafunguliwa na kukazwa tena. Alifanya sawasawa.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na karatasi ya ruhusa yenye jina lako mkononi, na ukiweza kuonyesha kwa kidole mstari unaokuruhusu kusaini kazi iliyo mbele yako.

## Hatua ya 8: Endelea kuandika

Watu wengi hufunga logibuku siku ya kupata leseni. Kiambatisho cha 1 cha ICAO kinaweka sharti ambalo halikomi: ili utumie ruhusa za leseni yako, ndani ya miezi 24 iliyopita uwe na angalau miezi 6 ya uzoefu wa kukagua, kuhudumia au kutengeneza ndege kulingana na leseni hiyo. Ukiikosa, unarudi kutimiza masharti ya kutolewa upya.

Hili huwakuta waliopandishwa cheo. Mtu anakuwa meneja wa mipango, anakaa ofisini mwaka na nusu, halafu siku ya upungufu wa watu anaitwa kusaini. Leseni iko mfukoni na tarehe yake haijaisha, lakini miezi 6 haipo popote.

Jiwekee siku mbili kila mwezi za kurudi hangani, na uziandike kama ulivyoandika ulipokuwa mwanafunzi, kwa tarehe, usajili, namba ya kadi, sura na ulichofanya. Siku mbili pekee hazifikishi miezi 6, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu jumlisha, na ukiona unapungukiwa omba kupangwa kwenye ukaguzi mkubwa unaofuata, wiki zake zote, mapema kabla ratiba haijafungwa.